Kuweka Ubuntu pamoja na Windows kwenye laptopu moja: hesabu za duka na sauti za bibi zitasalimika?

Binti_Mtambwe (#1)
Asalaam aleikum. Nina laptopu moja tu na humo ndimo yalimo mambo ya nyumba nzima: hesabu za duka la baba za miaka 3, picha za harusi ya dada, na sauti 14 za marehemu bibi nilizomrekodi akinihadithia ngano. Ni Windows 11, diski SSD ya GB 256, nafasi iliyobaki GB 71. Mwalimu wetu wa programu anataka tufanyie kazi Ubuntu, ule mfumo wa Linux. Windows siwezi kuiacha, programu ya duka haiendi kwengine. Rafiki wa kaka anasema mifumo miwili inakaa diski moja kama wake wenza, kila mmoja na chumba chake. Na fundi mmoja Chake kaniambia elfu 15, nimpe asubuhi nichukue adhuhuri. Nauliza tu: faili zangu zitasalimika?

Kijana_Darajani (#2)
Zitasalimika, usitiwe hofu. Mie nishafanya mara 4. Gawa diski iwe C na D, faili zote zihamishie D, kisha Ubuntu iingie. D haiguswi. Elfu 15 kalie urojo.

MzeeWaMkoani (#3)
Mwanangu, hata simu yangu ina miwili. Mjukuu kanitilia WhatsApp mbili, moja ya biashara moja ya nyumbani, na hakuna picha iliyopotea. Usiogope.

BahariYetu (#4)
Mzee, ahsante, lakini hapo pana WhatsApp mbili ndani ya mfumo mmoja 😂 Na huyo aliyetoa mfano wa wake wenza waliokaa nyumba moja bila kugusana, bila shaka hajaoa hata mmoja.

Fundi_Mchangani (#5)
Waleikum salaam Binti. Kijana #2 yuko nusu njia. C na D si diski mbili, ni diski moja iliyochorwa mstari. Ukikosea ndani ya C, kweli D inaweza kubaki. Lakini wengi hawakosei ndani ya C. Wanakosea kwenye ukurasa mmoja wa kusakinisha, pale Ubuntu inapokuuliza unataka iingie vipi. Kuna chaguo la `Install Ubuntu alongside Windows Boot Manager`, na kuna jengine `Erase disk and install Ubuntu`. Hilo la pili linafuta mstari wenyewe. Halijui C wala D, linaiona diski moja ya GB 256 na linaichukua yote. Ukiwa na haraka, au lile chaguo la kwanza halikutokea siku hiyo, ndipo mtu anapobonyeza la pili akidhani maana yake ni "endelea".

Tena mara nyengine chaguo la kwanza halitokei kwa sababu Windows imeifunga diski kwa ufunguo, wanaita BitLocker, na Ubuntu haiwezi kuona ndani. Kwa hiyo kabla sijakujibu lolote, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika hivi, utuambie imesema nini:

```
manage-bde -status C:
```

Kijana_Darajani (#6)
Fundi unamtisha bure. Hata akibonyeza Erase zipo programu za kurudisha faili. Mie nilirudisha picha za Idd zote kwa PhotoRec.

Fundi_Mchangani (#7)
Diski yako ilikuwa ya kuzunguka au SSD?

Kijana_Darajani (#8)
Ya kuzunguka. Ile laptopu nzito ya zamani.

Fundi_Mchangani (#9)
Ndiyo maana. Niliwahi kuletewa laptopu mbili kwa kosa hilo hilo la Erase. Ya kwanza diski ya kuzunguka, GB 500. Ubuntu ilikuwa imeandika juu ya sehemu ndogo tu, kwengine data ya zamani bado imelala. Nilipata picha nyingi, ingawa bila majina, zote f0012345 na mfano wake, mwenyewe akakesha wiki akizipanga. Ya pili SSD. Humo, Ubuntu inapofomati sehemu yake kwa ext4, huiambia diski kwamba vyumba hivyo vyote ni vitupu, na diski nayo huvisafisha yenyewe kimya kimya. Nilichanganua usiku kucha nikaambulia sifuri. Na kama ile diski ilikuwa imefungwa kwa ufunguo, basi hata ingekuwa ya kuzunguka PhotoRec ingeona mchanga mtupu.

Binti ana SSD. Kwa hiyo habari ya "kuna programu za kurudisha" asiitegemee.

Ummu_Ilham (#10)
Hapo kwenye ufunguo mumenitonesha kidonda. Mie ni mwalimu wa skuli, laptopu yangu niliinunua mkononi kwa mtu, safi kabisa. Nikampelekea kijana anitilie Linux. Hakufika hata kuitia. Aliingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, akazima kitu, akaweka fleshi iwe ya mwanzo, akawasha. Fleshi haikusoma, akairudisha Windows iwake kama kawaida. Ikaja skrini ya buluu, `BitLocker recovery`, inataka tarakimu 48. Arubaini na nane! Mie hata sijui kama diski yangu ilifungwa, sikuifunga mimi.

Kumbe yule mwenye laptopu wa kwanza alipoiwasha mara ya mwanzo aliingiza akaunti yake ya Microsoft, na ufunguo ukaenda kwenye akaunti yake. Nilimtafuta mpaka nikampata Fuoni. Pasiwedi ya akaunti kaisahau, laini ya simu aliyosajilia kaitupa. Maksi za darasa zima na mitihani ya miaka 2 vimo humo mpaka leo. Faili hazikufutika hata moja, zipo, na sizioni. Afadhali zingefutika nikajua moja.

Karafuu_Kavu (#11)
Pole mwalimu. Hiyo ni kwa sababu kijana alizima Secure Boot, ule ulinzi wa kukagua kinachoiwasha mashine. Kijichipu cha TPM kinaweka kumbukumbu ya hali ya mashine, kikiona Secure Boot imezimwa kinakataa kutoa ufunguo.

BahariYetu (#12)
Ubuntu haihitaji kuzimwa Secure Boot siku hizi, inawaka nayo. Mimi nadhani ni ule mpangilio wa fleshi kuwa ya kwanza. Ya kwangu ilinitaka ufunguo kwa kosa hilo tu, sikugusa Secure Boot kabisa.

Kijana_Darajani (#13)
Ya kwangu niliibadili mpangilio wa kuwaka mara kibao na haijawahi kuuliza. Labda kijana aliisasisha BIOS bila kumwambia. Mafundi wana tabia hiyo.

Fundi_Mchangani (#14)
Yote matatu yanaweza kuita ile skrini, inategemea mashine na jinsi TPM ilivyopangwa. Secure Boot ndiyo ninayoishuku zaidi. Ila Ummu_Ilham, aliporudisha Windows aliiwasha tena ile aliyoizima? Maana kuna mashine ukirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, inafunguka yenyewe bila kuuliza.

Ummu_Ilham (#15)
Sijui alizima nini wala alirudisha nini. Yeye mwenyewe hajui, anasema "nilibonyeza F10". Nitaitoa kabatini nijaribu, inshallah.

Binti_Mtambwe (#16)
Samahani nilikuwa dukani. Mwili umenisisimka kusoma #10. Nimeandika ile amri, na mie sijawahi kufunga chochote, lakini imetoa hivi:

```
Percentage Encrypted: 100.0%
Protection Status:    Protection On
```

Ndiyo nini sasa?

Fundi_Mchangani (#17)
Ndiyo kwamba ungempa yule fundi wa adhuhuri, uwezekano ulikuwa mkubwa kufuata njia ya Ummu_Ilham. Windows 11 ukiingia kwa akaunti ya Microsoft mara nyingi hujifunga yenyewe bila kukuuliza. Si jambo baya, mwizi akiiba laptopu hasomi kitu. Ubaya ni kutojua. Andika hii:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Itakutolea `Numerical Password`, chini yake ID, na chini yake zile tarakimu 48 katika mafungu 8 ya sita sita. Ziandike kwenye karatasi, kwa kalamu, pamoja na ID. Usiweke kwenye faili ndani ya laptopu hiyo hiyo, maana huo ni sawa na kufunga mlango na ufunguo umeuacha chumbani. Kisha ingia kwenye akaunti yako kwa simu, account.microsoft.com/devices/recoverykey, uone kama ID ni ile ile. Siku skrini ya buluu ikija, itakuonesha mwanzo wa ID ili ujue ufunguo upi.

Karafuu_Kavu (#18)
Mbona unamzungusha? Asimamishe ulinzi tu kwa muda, `manage-bde -protectors -disable C:`, asakinishe, basi.

Fundi_Mchangani (#19)
Hiyo amri ikiandikwa hivyo, ulinzi unarudi wenyewe Windows ikiwashwa tena. Kusakinisha mifumo miwili kuna kuzima na kuwasha mara tatu nne, kwa hiyo mara ya pili tu umenaswa. Ukiitaka, iongezewe `-RebootCount 0` ibaki imesimama mpaka uirudishe mwenyewe. Na kusimamisha si kufungua. Data bado imefungwa na Ubuntu bado haioni ndani, inaweza kukuambia kwanza uzime BitLocker.

BahariYetu (#20)
Mimi ningeifungua kabisa, Settings, Privacy & security, Device encryption, Off, nisubiri imalize. Lala na amani.

Karafuu_Kavu (#21)
Na laptopu ikiibiwa kwenye boti, hesabu za duka la mzee wake zisomwe na kila mtu? Isimamishwe, isifunguliwe.

BahariYetu (#22)
Mwizi wa botini atauza chuma, hataki kujua nani anadaiwa unga kilo 2.

Binti_Mtambwe (#23)
😂 Baba angetaka wasome, labda wangelipa. Ufunguo nimeshauandika, nakala moja kwa mama kwenye sanduku la khanga. ID zinalingana.

Sasa nimeingia `diskmgmt.msc` kupunguza C kama video zinavyoonesha. Nafasi tupu ni GB 71 lakini inaniambia naweza kupunguza MB 6,140 tu. GB 6! Zile nyengine zimekwenda wapi?

Kijana_Darajani (#24)
Faili zimetawanyika. Endesha Defragment zikusanyike mwanzo.

Karafuu_Kavu (#25)
Kwenye SSD usifanye hivyo, unailia umri wake bure. Ni `hiberfil.sys`, ile faili ya usingizi. Andika `powercfg /h off`, itoweke.

BahariYetu (#26)
Mimi ilikuwa ni zile nakala za kurudi nyuma, System Protection. Nilizima, nafasi ikapanda.

Fundi_Mchangani (#27)
Windows inaweza kupunguza mpaka inapogonga faili isiyohamishika, na hata moja tu ikikaa karibu na mwisho wa diski inazuia zote zilizobaki tupu nyuma yake. Ni kama daladala ina viti vitupu lakini mtu wa mlangoni hataki kusogea. Kuwasha Defragment kwa kawaida hakumsogezi huyo. Inaweza kuwa ya usingizi, ya kumbukumbu `pagefile.sys`, au zile nakala za kurudi nyuma. Badala ya kubahatisha, fungua Event Viewer, Windows Logs, Application, tafuta tukio namba 259. Itakutajia jina la faili iliyozuia.

Ile `powercfg /h off` ifanye kwa vyovyote, nitaeleza baadaye kwa nini.

Binti_Mtambwe (#28)
Tukio 259 limetaja njia ndefu yenye `System Volume Information`. BahariYetu kapatia. Nimezima zile nakala na faili ya usingizi, nikawasha upya. Sasa inanipa MB 31,300. Sijabonyeza Shrink bado.

Fundi_Mchangani (#29)
Usibonyeze. Hatujazungumza nakala ya nje.

Na GB 30 kwa Ubuntu ni kubana, wenyewe wanapendekeza angalau GB 25 na hapo hujaweka chochote cha masomo. Utamaliza muhula unafuta vitu.

MzeeWaMkoani (#30)
Na umeme? Mbona hamsemi umeme. Ukikatika katikati ya kukata hiyo diski?

Karafuu_Kavu (#31)
Mzee leo umelenga. Kupunguza C kwa kawaida ni dakika chache, lakini ukiifanyia ndani ya Ubuntu wakati wa kusakinisha inaweza kuhamisha data nyingi na kuchukua muda. Laptopu ina betri, ila betri za mitumba tunazijua. Ijazwe, na iwe imechomekwa.

MzeeWaMkoani (#32)
Unguja mwisho wa 2009 walikaa kizani miezi mitatu waya wa baharini ulipoharibika. Siye Pemba tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha tukawapigia simu kuwapa pole. 2010 na siye tukaletewa waya kutoka Tanga, tukaacha kucheka.

BahariYetu (#33)
Nilikuwa Michenzani wakati huo, maji tunabeba mpaka juu kwa ndoo. Pole zenu hazikupandisha ndoo hata moja, mzee.

Karafuu_Kavu (#34)
Turudi kwenye mada, na mie nina langu. Mifumo miwili ninayo mwaka wa pili. Mambo mawili yalinikera. Kwanza saa. Nikitoka Ubuntu nikaingia Windows, saa iko nyuma kwa masaa matatu. Programu ya adhana ikawa inaadhini magharibi watu wamelala. Ubuntu inaandika saa ya ubao kwa saa ya Greenwich, Windows inaisoma kama ya hapa, na siye tuko mbele masaa 3. Nilitibu kwa amri moja ndani ya Ubuntu:

```
timedatectl set-local-rtc 1
```

La pili sijalielewa mpaka leo. Nilihifadhi faili za mradi kwenye D nikiwa Ubuntu. Nikazima, nikaingia Windows, hazipo. Nikarudi Ubuntu, hazipo pia. Nani kazila?

Fundi_Mchangani (#35)
Ulikuwa umezima ile `powercfg`?

Karafuu_Kavu (#36)
Wakati huo bado. Ndiyo niliyoijulia.

Fundi_Mchangani (#37)
Hiyo ndiyo niliyoahidi #27. Windows ukiibonyeza Shut down haizimiki kweli, inalala nusu, wanaita Fast Startup, ili iamke haraka. Inalala ikiwa bado inakumbuka diski ilivyokuwa. Wewe ukaingia Ubuntu ukaandika D. Windows ilipoamka ikaendelea na kumbukumbu yake ya zamani, ikaandika juu ya mabadiliko yako. Wala haikujua ulipita.

BahariYetu (#38)
Lakini Ubuntu ikikuta Windows imelala hukataa kuandika, inafungua kwa kusoma tu. Ilinifanyia hivyo kwenye C. Aliandikaje?

Fundi_Mchangani (#39)
Kwenye C ndiko iliko faili ya usingizi, kwa hiyo inaiona. Kwenye D haipo. Nadhani hapo ndipo ilipoponyoka.

Kijana_Darajani (#40)
Au alichomoa betri kabla Ubuntu haijamaliza kuandika. Karafuu namjua, hana subira.

Karafuu_Kavu (#41)
Nilizima kwa adabu zote. Ila sikumbuki kama nilisubiri mpaka taa izimike... basi, tuache.

Binti_Mtambwe (#42)
Nimefuata ushauri wa nakala ya nje. Sina eksteno, kaka kanipa fleshi yake ya "TB 2", aliinunua sokoni bei ya kutupa. Nimenakili kila kitu, GB 96, haikutoa kosa lolote. Nikaja kwa binamu nifungue kwenye kompyuta yake. Hesabu za duka zinafunguka, picha za mwanzo zinafunguka. Katika sauti 14 za bibi, 5 zinakaa kimya, ukubwa unaonesha MB sawasawa. Ni ule ufunguo wa BitLocker umezifuata?

Fundi_Mchangani (#43)
Hapana. Ukinakili kutoka ndani ya Windows faili inatoka ikiwa imefunguliwa, BitLocker haiendi nayo kwenye fleshi. Za kwenye laptopu zinacheza?

Binti_Mtambwe (#44)
Zinacheza zote, alhamdulillah.

Ummu_Ilham (#45)
Ulichomoa fleshi bila kuitoa kwanza kwenye Windows? Wanafunzi wangu ndivyo wanavyoniletea kazi zilizokufa.

BahariYetu (#46)
TB 2 kwa bei ya kutupa! Hiyo fleshi ni ya uongo. Ndani ina GB 32 au 64, imefundishwa kusema TB 2. Ikijaa inaendelea kupokea na kusema ndiyo, huku inatupa au inaandika juu ya vya mwanzo. Majina na ukubwa unaviona, matumbo hamna.

Binti_Mtambwe (#47)
Nilichomoa tu, kweli, gari lilikuwa linanisubiri. Kwa hiyo ni ipi kati ya mbili?

Fundi_Mchangani (#48)
Kuchomoa kwa ghafla huwa kunaua za mwishomwisho. Za bibi ulizinakili mwisho au katikati?

Binti_Mtambwe (#49)
Sikumbuki. Nilichagua yote nikabandika.

Fundi_Mchangani (#50)
Basi ipime. Chukua H2testw, inaandika fleshi mpaka ijae kisha inasoma ilichokiandika na kulinganisha. Fomati fleshi kwanza, kwa kuwa asili zako ziko salama kwenye laptopu. Ikiwa ya uongo itakuambia ngapi ni kweli na ngapi zimepotea. Wakati huo huo zile sauti 14 zipandishe Google Drive, haziwezi kuzidi bando lako.

Kijana_Darajani (#51)
Na mie nimetoa fleshi yangu ya TB 1 nikaiangalia upya. Ina bakapu zangu zote. Nyie watu mnaharibia mtu Ijumaa.

Binti_Mtambwe (#52)
Sauti zimepanda 14, nimezisikiliza kutoka kwenye simu ya mama moja moja, bibi yupo. Fundi wa Chake nimempigia nikamwambia asubiri, kauliza kwani kuna nini, nikamuuliza kama anaandika ufunguo wa BitLocker kabla hajaanza. Kanyamaza kidogo kisha kasema "ufunguo wa nini?"

H2testw nimeiwasha kwa binamu. Inasema bado masaa 19.

MzeeWaMkoani (#53)
Fomati ndiyo nini? Maana mjukuu kaniambia na yangu niifomati, na zile WhatsApp mbili zimo.

BahariYetu (#54)
Mzee USIBONYEZE KITU.